Ditha uliitia, lakini fedi ukaifanya baadae?

Juzi nilikuwa namalizia masta ya CD ya taarab hapa Ng'ambo, wimbo wa mwisho unafunga na taksim ya ganuni peke yake, inafifia kama sekunde 10 hivi mpaka kimya. Mwenye CD kaja na hedifoni zake, kapandisha sauti mpaka mwisho, akanambia kaka, hapa pana mchanga. Nkasikiliza, kweli, uzi unakwaruza kwaruza halafu unakatika ghafla badala ya kuzama polepole.

Na ditha, ile kelele ndogo ya makusudi inayotiwa kabla ya kushusha biti, nilitia! Ila niliitia mapema. Nilieksipoti biti 16 na ditha, ndo nkakumbuka fedi, nkalifungua faili lile lile kwenye programu nyengine, nkafedi, nkasevu tena biti 16 bila ditha.

Sasa ona kilichotokea. Kwenye biti 16 ngazi moja ya sauti ipo kama -90 dBFS, kwa hiyo uzi ukishuka kufika -84 unabakiwa na ngazi mbili tu juu na mbili chini, lile wimbi laini linakuwa vidato, na kosa la kukadiria linafuata noti yenyewe, ndo maana sikio linalisikia kama mkwaruzo. Ukishuka chini ya nusu ngazi, kimya kabisa. Ditha ya `TPDF` inaongeza kelele ndogo ya kubahatisha, isozidi ngazi moja juu au chini, kabla ya kukadiria, na kosa linakuwa shhh moja tulivu kwenye -93 hivi, uzi unazama ndani yake. Lakini shhh yangu ya mwanzo nayo niliifedi pamoja na ganuni! Pale mwisho haikubaki kitu.

Nkarudi kwenye projekti ya biti 24: fedi, kubadili 48 kHz kwenda 44.1, limita, halafu ditha mwisho kabisa, mara moja. Kujaribu, nkakata mkia ule nkaupandisha 40 dB (punguza spika kwanza), shhh haitikisiki, hakuna mchanga.

Kama unapeleka WAV ya biti 24, mie siumizi kichwa, ngazi yake ipo -138 huko na kelele ya maiki na priampu ishaipita zamani. MP3 pia, mpe enkoda faili la biti 24 moja kwa moja, usipitie 16. Na wimbo unaopiga kwa nguvu mpaka mwisho, ukisahau ditha hakuna atakaesikia, nasema kweli.

Kaseti za zamani tunazozihamisha, ile hisi ya tepu, yaani shhh yake, ipo juu sana ya -93 na inafanya kazi ya ditha yenyewe, unaweza kuacha. Lakini ukiifedi tepu mpaka kimya, hisi nayo inashuka na fedi, na uko pale pale pa ganuni yangu, kwa hiyo hapo itie.