Saa Saba Usiku ni ya Tarehe Gani? Kugeuza Saa za Kiswahili Kuwa Saa 24

Katika kitengo cha kumbukumbu za afya ninakofanya kazi hapa Tanga, muda wote unaoandikwa kwenye rejista na kwenye kompyuta huandikwa kwa mtindo wa saa 24, yaani kuanzia 00:00 hadi 23:59. Muda wote unaosemwa na wagonjwa, ndugu zao, na hata sisi wenyewe tukizungumza, husemwa kwa saa za Kiswahili. Saa za mchana hazitusumbui sana. Makosa mengi ninayoyasahihisha ni ya usiku, na hasa ya zile saa sita zinazoanza usiku wa manane hadi kunapokucha, kwa sababu hapo mtu anaweza kukosea saa na tarehe kwa pamoja.

Watu wengi wamefundishwa kwamba ili kupata saa ya kizungu unajumlisha sita, au unatazama namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa: moja inatazamana na saba, mbili inatazamana na nane. Njia hiyo ni sahihi kwa saa ya ukutani yenye mishale, kwa kuwa uso wake una namba kumi na mbili tu na haujali kama nje kuna jua au giza. Saa 24 inajali. Kwa hiyo naona ni bora kuacha kukariri saa mojamoja na badala yake kukumbuka kwamba Kiswahili kina hesabu mbili za saa kumi na mbili: hesabu ya mchana, inayoanza kuhesabiwa kutoka 06:00, na hesabu ya usiku, inayoanza kuhesabiwa kutoka 18:00. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu 06:00, kwa hiyo ni 07:00. Saa moja usiku ni saa moja tangu 18:00, kwa hiyo ni 19:00.

Kutokana na hapo kanuni ni fupi. Saa ikiwa ya hesabu ya mchana, jumlisha 6. Ikiwa ya hesabu ya usiku, jumlisha 18. Na jumla ikifika 24 au kuzidi, toa 24 na usogeze tarehe siku moja mbele ya ile ambayo usiku huo ulianza. Saa nne usiku ni 4 na 18, yaani 22:00, tarehe ileile. Saa sita usiku ni 6 na 18, yaani 24. Ukitoa 24 unabaki na 00:00, na tarehe imeshageuka. Saa tisa usiku ni 27, ukitoa 24 unapata 03:00 ya tarehe mpya.

Mtu atauliza atajuaje saa aliyotajiwa ni ya hesabu ipi, ilhali watu hutumia maneno mengi: alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni, usiku. Maneno hayo hayana mipaka mikali, na baadhi yake hukaa katika hesabu zote mbili. Neno "jioni" ndilo linalowakosesha karani wengi wapya. Saa kumi na mbili jioni ni mwisho wa hesabu ya mchana, kwa hiyo ni 12 na 6, yaani 18:00. Lakini wapo wanaosema "saa moja jioni", nayo ni saa ya kwanza ya usiku, 19:00. Aliyekariri kwamba "jioni jumlisha sita" ataandika 07:00, wakati ambao watoto wako njiani kwenda shule. Neno "asubuhi" nalo lina mtego wake upande wa pili. Saa moja asubuhi ni ya mchana, ila saa kumi na mbili asubuhi ni saa ya mwisho ya hesabu ya usiku: 12 na 18 ni 30, toa 24, unapata 06:00. Aliyejumlisha sita kwa kusikia neno asubuhi ataandika 18:00, na atakuwa amekosea kwa saa kumi na mbili kamili.

Mtu akitaja saa bila neno lolote la kipindi, kwa mfano "nilifika saa kumi", hakuna hesabu itakayosaidia. Inaweza kuwa 16:00 au 04:00, na wajibu wa anayeandika ni kuuliza.

Dakika hazibadiliki hata kidogo, kwa kuwa tofauti kati ya mitindo miwili ni ya saa nzima. Ugumu uko kwenye "kasoro" tu. Saa iliyotajwa pamoja na kasoro ni saa ambayo haijafika, kwa hiyo geuza kwanza saa kamili, kisha urudi nyuma kwa dakika zilizotajwa. Saa nane kasorobo mchana ni 14:00 ukiondoa dakika 15, yaani 13:45. Saa sita kasorobo usiku inahitaji uangalifu zaidi: ukishapata 00:00 ya tarehe mpya, kurudi nyuma dakika 15 kunakupeleka 23:45 ya tarehe ya jana yake. Tarehe iliyokuwa imesogea inarudi.

Nieleze sasa kisa cha aina tunayoipata, nikitumia tarehe ya mfano. Mama mmoja wa Makorora anakuja kufuatilia tangazo la kizazi cha mwanawe. Karani anamuuliza mtoto alizaliwa lini, naye anajibu, "Jumamosi usiku, mwanangu, saa saba kasoro dakika kumi." Tuchukue kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 14 Juni 2025.

Karani asiye makini anaweza kukosea kwa njia tatu, na kila njia ina alama yake. Wa kwanza atachukua 6:50 kama ilivyosemwa, aone ni usiku, ajumlishe 12 kama afanyavyo kwa saa za simu yake, aandike 18:50. Hili ndilo kosa baya kuliko yote kwa sababu linaonekana kama muda halali kabisa. Wa pili atajumlisha sita na kuandika 12:50, mchana wa jua kali. Wa tatu atajumlisha 18 vizuri na kuandika 24:50 ya tarehe 14. Huyu hesabu yake ni sahihi ila hakuimaliza, na kompyuta itamkatalia kwa kuwa hakuna 24:50. Kwa uzoefu wangu, mtu anayekataliwa na kompyuta mara nyingi hubadilisha namba mpaka ikubaliwe bila kuigusa tarehe, na hapo 00:50 inabaki imeandikwa kwenye tarehe 14. Saa imepona, mtoto ameongezewa siku moja ya umri.

Hesabu sahihi ni hii: 7 na 18 ni 25, toa 24, ni 01:00, rudi nyuma dakika kumi, ni 00:50. Usiku ulianza Jumamosi tarehe 14, jumla ilizidi 24, kwa hiyo mtoto alizaliwa saa 00:50, Jumapili tarehe 15 Juni 2025.

Hata hivyo bado kuna swali moja ambalo karani mzuri huuliza kabla ya kuandika, na katika mji kama Tanga swali hilo si la kuchokonoa. Wazee wetu, na wengi wetu tunaofuata kalenda ya Kiislamu, huhesabu siku kuanzia magharibi. Usiku wa mwezi ishirini na saba Ramadhani ni usiku unaotangulia mchana wa mwezi ishirini na saba, na kila mtu msikitini anajua hivyo. Kwa mtu wa hesabu hiyo, "usiku wa Jumamosi" ni usiku ulioanza jua la Ijumaa lilipozama, na saa saba kasoro dakika kumi ya usiku huo ni 00:50 ya tarehe 14, si 15. Kijana wake anaweza kusema maneno hayohayo akiwa na maana ya usiku unaofuata. Kwa hiyo karani asibishane kuhusu jina la usiku. Aulize hivi: "Mama, kulipokucha ilikuwa siku gani?" Mama akijibu kwamba kulikucha Jumapili, jambo limekwisha, kwani saa yoyote kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri huchukua tarehe ya siku iliyokucha. Vyombo vya habari hutatua jambo hili kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumapili", na ningependa maneno hayo yatumike zaidi kwenye fomu zetu.

Baada ya hapo linganisha na daftari la wodi ya wazazi. Wakunga huandika kwa mfuatano, kwa hiyo muda ulioruka hujitokeza wenyewe: ukiona 23:40, kisha 18:50, kisha 02:15 katika ukurasa mmoja, ule wa katikati umegeuzwa vibaya. Chanzo huwa mara nyingi ni saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umekaribia namba 1 na mrefu uko kwenye 10. Mkunga akasoma kichwani "saba kasoro kumi", kisha akaandika kile alichokisema badala ya kile alichokiona.

Yako mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni maandishi kama "saa 3:00 asubuhi", ambayo yamejaa kwenye barua za mikutano na matangazo. Hizo ni saa za Kiswahili zilizovaa namba, na maana yake ni 09:00. Muda wa saa 24 huandikwa kwa tarakimu mbili za saa na hauhitaji neno la kipindi. Ukiona namba pamoja na "asubuhi" au "usiku", chukulia kwamba bado haijageuzwa. Pia epuka kuandika mwisho wa muda kuwa "saa sita usiku, tarehe 30", kwa sababu nusu ya wasomaji wataelewa mwanzo wa tarehe hiyo na nusu mwisho wake. Andika 23:59, tarehe 30.

La pili ni jua. Wapo wanaodhani saa kumi na mbili jioni ni pale jua linapozama, kisha wanarekebisha hesabu kwa kusikiliza adhana ya magharibi. Hapa Tanga jua huzama baada ya 18:00 mwaka mzima, na mwezi Februari huchelewa hata kufikia karibu na 18:45, kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki nasi tuko kwenye nyuzi 39 na kidogo. Saa za Kiswahili tunazotumia leo zimefungwa kwenye saa ya ukutani, si kwenye jua. Mtu akisema alifika "magharibi", bila namba, hajataja saa. Mwulize ilikuwa saa ngapi, na kama hajui, andika neno lake kama alivyolisema kwenye sehemu ya maelezo na uache nafasi ya muda wazi.