Ufafanuzi kwa Umma: Bromini Inakwenda kwenye Kaboni Ipi?

Kitengo chetu cha kusahihisha mitihani ya kemia kimeendelea kupokea malalamiko ya walimu na wazazi kuhusu swali linalouliza zao kuu la mmenyuko wa propeni na haidrojeni bromidi, HBr. Wengi wanadai kwamba mtahiniwa aliyeandika 1-bromopropani, yaani bromini kwenye kaboni ya mwisho, amedhulumiwa, kwa kuwa jibu hilo limo katika vitabu. Ni kweli limo, ila chini ya masharti ambayo swali halikuyataja. Tunaamini waliolalamika wamefanya hivyo kwa nia njema, na ndiyo maana tunatoa maelezo haya.

Kanuni inayohusika ilichapishwa mwaka 1870 na mkemia Mrusi Vladimir Markovnikov. Haidrojeni halidi inapojiunga na alkeni, yaani hidrokaboni yenye kifungo maradufu, isiyo na ulinganifu, halojeni hushika ile kaboni ya kifungo maradufu yenye haidrojeni chache zaidi. Walimu hufupisha kwa kusema mwenye nacho huongezewa, wakimaanisha haidrojeni. Ufupisho huo si mbaya, lakini hauelezi sababu, na sababu ndiyo inayopewa alama.

Tuchukue propeni, CH3CH=CH2. Elektroni za kifungo maradufu huivuta haidrojeni ya HBr, na bromidi hubaki pembeni ikiwa na chaji hasi. Haidrojeni ikishika kaboni ya mwisho, chaji chanya hubaki kwenye kaboni ya katikati, ambayo ina kundi la methili kila upande. Makundi hayo huisogezea elektroni kidogo na kuipunguzia mzigo wa chaji. Haidrojeni ikishika kaboni ya katikati badala yake, chaji huangukia kaboni ya mwisho, yenye jirani mmoja tu wa kuisaidia. Njia ya kwanza huhitaji nishati ndogo zaidi, kwa hiyo molekuli nyingi hupita huko, kisha bromidi huja kujaza nafasi ya kaboni yenye chaji. Zao kuu ni 2-bromopropani, CH3CHBrCH3. Tunasema zao kuu kwa makusudi, kwa kuwa kiasi kidogo cha lile jingine huweza kupatikana.

Sasa tuje kwenye 1-bromopropani. Mwaka 1933 Morris Kharasch na Frank Mayo wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba peroksidi, zikiwemo zile zinazojitengeneza zenyewe katika alkeni iliyokaa kwenye hewa, hugeuza mwelekeo wa HBr. Peroksidi huvunjika na kuzaa radikali, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzi, nazo huing'oa haidrojeni ya HBr na kuiacha atomu ya bromini peke yake. Hapa bromini ndiyo inayotangulia kushika kaboni ya mwisho, na elektroni isiyo na mwenzi hubaki kwenye kaboni ya katikati, kisha kaboni hiyo huchukua haidrojeni kutoka molekuli nyingine ya HBr. Msomaji ataona kwamba kaboni ya katikati imependelewa mara zote mbili, na kilichobadilika ni nani aliyefika kwanza. Katika maabara mazao haya mawili hutofautishwa kwa urahisi kwa kiwango cha kuchemka, ambacho ni takriban nyuzi 59 za Selsiasi kwa 2-bromopropani na nyuzi 71 kwa 1-bromopropani.

Tunalazimika kurudia tena, ingawa tumeshalisema mara nyingi, kwamba athari hii ya peroksidi ni ya HBr pekee. Kifungo cha HCl ni kigumu mno kwa radikali ya kaboni kukivunja kwa wepesi unaohitajika, na atomu ya iodini kutoka HI ni dhaifu mno kujishikiza vyema kwenye kifungo maradufu. Kuandika 1-kloropropani kwa sababu tu neno peroksidi limeonekana kwenye swali ni kosa, na hakuna rufaa itakayolibadilisha.

Kuhusu usahihishaji wenyewe, muundo wa zao hupewa alama yake na maelezo ya chaji hupewa alama yake. Anayechora muundo sahihi bila sababu hupata alama ya kwanza tu, na anayenukuu kanuni neno kwa neno bila kutaja uthabiti wa kaboni yenye chaji hapati ya pili. Jina likipingana na mchoro, alama ya muundo hupotea hata kama kimojawapo ni sahihi, kwa sababu msahihishaji haruhusiwi kumchagulia mtahiniwa jibu. Swali lisipotaja peroksidi, msahihishaji huchukulia kwamba hazipo. Maombi ya kusahihishiwa upya yaambatanishwe na namba ya swali na hoja ya kikemia. Barua inayosema tu kwamba kitabu kimeandika vingine itarudishwa kwa mwombaji ili ataje masharti ya mmenyuko yaliyoandikwa katika kitabu hicho.