Usiku wa mnada kundi limechemka: dhana potofu kuhusu mwendo wa pole na kimya cha muda

Ijumaa moja ya Novemba, saa 3 usiku, bei ya mnada wa korosho iliingia kwenye kundi letu la wakulima hapa Newala. Ilikuwa imeshuka shilingi 40 kwa kilo kuliko ya wiki iliyotangulia. Kundi lipo Telegram, lina watu 600 na ushee, na ndani ya saa moja zilishuka meseji 260. Mmoja aliandika kwamba wakulima walipaswa kuikataa bei ile palepale mnadani. Mwingine akamjibu kuwa wanaopenda kukataa ni wenye maduka, maana anayedaiwa ada ya mtoto hasubiri mnada wa wiki ijayo. Kufika saa 4 hakuna aliyekuwa akizungumzia korosho. Watu walikuwa wanaitana wezi.

Mimi ni mmoja wa maadmini watatu. Usiku ule tuliweka mwendo wa pole, tukawanyamazisha watu wawili kwa muda, na kwa siku tatu baadaye nikasikia kila aina ya maelezo kuhusu tulichokifanya. Mengine yalikuwa na haki, kwa sababu tulikosea. Mengi hayakuwa kweli.

Dhana: "Wamelifunga kundi ili tusiseme."

Mwendo wa pole haufungi kundi. Unaupata kwa kufungua taarifa za kundi, kubonyeza alama ya kalamu, kuingia `Permissions`, kisha kushuka hadi `Slow Mode`. Hapo kuna kipimo unachokivuta: sekunde 10, sekunde 30, dakika 1, dakika 5, dakika 15, hadi saa 1. Sisi tulichagua dakika 5. Maana yake ni kwamba ukishatuma meseji moja, unasubiri dakika 5 ndipo utume nyingine, na simu inakuhesabia muda uliobaki.

Wengi walidhani kundi zima litakuwa linapokea meseji moja kila baada ya dakika 5. Hapana, hesabu ni ya kila mtu peke yake. Watu 100 wanaweza kuandika ndani ya dakika moja, ilimradi kila mmoja anaandika mara moja.

Hapo ndipo admini anapotakiwa kupiga hesabu kabla ya kugusa kitu. Nilirudi juu nikahesabu zile meseji 260. Watu sita walikuwa wameandika 210, yaani 35 kila mmoja. Waliobaki wote kwa pamoja waliandika 50. Kwa dakika 5, mtu mmoja hawezi kupitisha meseji 12 kwa saa, kwa hiyo wale sita wasingevuka 72. Mkulima aliyeuliza swali moja tu kuhusu makato hakupoteza chochote, ila safari hii swali lake lilionekana badala ya kufukiwa.

Ingekuwa kinyume chake, watu 60 kila mmoja ana meseji zake tatu au nne, dakika 5 zisingefanya lolote la maana. Kundi la namna hiyo halina wagomvi, lina swali kubwa ambalo halijajibiwa, na dawa yake ni mtu mwenye karatasi ya mnada aje aieleze.

Dhana: "Ukishaweka, wote wamebanwa sawasawa."

Laiti. Mwendo wa pole hauwagusi maadmini. Sisi watatu tuliendelea kuandika kama kawaida, na admini mwenzetu mmoja, aliyekuwa na msimamo wake kuhusu bei, alituma meseji nane mfululizo wakati wanaombishia wanasubiri dakika zao. Sikumwona kama mtu mbaya, hata hakujua kwamba yeye hakubanwa. Lakini kwa aliyekaa upande wa pili ilionekana kama kumpiga ngumi mtu aliyefungwa mikono. Tangu hapo tuna makubaliano: kundi likiwa kwenye mwendo wa pole, admini naye anaangalia saa. Akitaka kubishana zaidi ya hapo, anawaachia wenzake usimamizi wa usiku huo.

Kuna matundu mengine mawili. La kwanza ni voisi. Mtu aliyezuiwa kuandika meseji fupi kumi anarekodi dakika 4 za kufoka, na mfumo unaihesabu kama meseji moja. Kwenye `Permissions` hizohizo unaweza kuzima voisi peke yake na kuacha maandishi, ila fikiria kwanza. Kundini mwetu kuna wazee ambao kuandika kwao ni kazi, voisi ndiyo kauli yao. Sisi hatukuzizima.

Tundu la pili ni kuhariri. Kuhariri meseji ya zamani hakusubiri dakika 5. Kijana mmoja aliandika "Sawa," halafu akawa anairudia meseji ileile na kuongeza matusi kidogo kidogo. Aliyepita mapema aliona "Sawa," aliyepita baadaye aliona mambo mengine kabisa. Ukishuku hivyo fungua `Recent Actions`. Inaonyesha meseji ilivyokuwa kabla na baada ya kuhaririwa, lakini kwa saa 48 tu, kwa hiyo piga picha ya skrini mapema.

Dhana: "Kumnyamazisha mtu ni sawa na kumtoa."

Aliyenyamazishwa bado yumo. Anasoma kila kitu, anaona bei zikitangazwa, anaweza kumwandikia yeyote pembeni. Muda ukiisha anarudishiwa sauti bila mtu kumfungulia. Na hata akijitoa kwa hasira na kurudi kabla ya muda huo, zuio anarudi nalo.

Ila kosa la upande wa admini lipo, na ndilo linaloizaa dhana hii. Ukimbonyeza mtu ukaondoa ruhusa yake ya kutuma meseji, mahali pa muda panakuwa pameandikwa kwamba zuio ni la milele mpaka wewe ubadilishe. Admini mwenye haraka anahifadhi, anaenda kulala, na anaapa kwamba alimpa siku moja. Mwezi unapita. Mwenzake ameshaamini kuwa amefukuzwa kimyakimya. Kwa hiyo ukishahifadhi, mfungue tena mtu huyo uone tarehe imekaa.

Jambo jingine: Telegram inamwambia mhusika kwamba amezuiwa na mwisho wake ni lini. Sababu haimwambii. Hiyo ni kazi ya mtu kumpigia simu.

Dhana: "Haki ni wote kupewa adhabu moja."

Wawili tuliowanyamazisha walikuwa kijana mmoja wa mjini na mzee wa kijijini ambaye, kwa bahati mbaya yangu, ni mjomba wangu wa tumbo moja na mama. Kwetu Umakondeni mjomba si mtu wa kubonyezwa hivihivi. Nilimwachia admini mwenzangu aamue, nikasema wazi kundini kwamba uamuzi huo mimi simo.

Kijana alikuwa ameweka namba ya simu ya karani wa chama cha ushirika na kuwahimiza watu wampigie usiku ule. Mjomba alikuwa amemwita mtu mwizi, mara tatu, baada ya kuombwa aache. Kwanza mwenzangu aliwapa wote siku moja. Tuliposhauriana tukabadilisha: kijana wiki moja, kwa sababu madhara yake yalitoka nje ya kundi hadi kwenye simu ya mtu aliyelala, na meseji yenye namba tukaifuta. Mjomba akabaki na siku moja. Wote wawili walikuwa upande mmoja wa ubishi, wa kukataa bei, kwa hiyo tukarudi kupekua upande wa pili kama kuna aliyefanya kama wao tukampita. Alikuwepo mmoja aliyetukana mara moja, akaonywa, akaacha. Tulimtaja kwenye tangazo kwamba alionywa, bila jina.

Tulimpita pia mzee mwingine aliyemwambia mwenzake kwamba korosho zake hata kunguru wanazitema. Wale ni watani. Admini asiyejua nani ni mtani wa nani aulize kabla ya kubonyeza.

Asubuhi nilipiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmenifunga mdomo mpaka saa 10?"

Simu yake ilikuwa imeandika 10:40 PM, naye aliisoma kama saa 10 na dakika 40. Nikamwambia ni saa 4 na dakika 40 usiku. Nikamsomea maneno yake mwenyewe, yale matatu.

"Mimi nilisema bei ni wizi."

"Hapo mjomba hukuguswa. Kilichogusa ni hili la kumtaja mtu kuwa mwizi."

Alinyamaza, kisha akaniuliza kama mbolea imefika.

Dhana: "Ukieleza unachochea moto, bora ukae kimya."

Tangazo letu la kwanza lilisema: "Kundi limewekewa utaratibu kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Asanteni." Dakika tano hazikupita, ikasemwa maadmini wamenunuliwa na wanunuzi. Na kwa kweli, ukilisoma tangazo lile, halikatai. Halisemi utaratibu gani, mpaka lini, wala nidhamu ipi. Na kwa kuwa liliwekwa muda mfupi baada ya watu kuilalamikia bei, mtu yeyote angedhani kosa ni kuilalamikia bei.

La pili liliandikwa hivi, likabandikwa juu:

"Ndugu wakulima, kuanzia saa 4:15 usiku kila mmoja anatuma meseji moja kila dakika 5, maadmini nasi tumo. Mwisho ni kesho saa 12 asubuhi. Sababu: meseji 210 kati ya 260 zimetoka kwa watu sita na maswali ya makato yamefukiwa. Kuikataa bei au kuikubali, vyote vinaruhusiwa kusemwa hapa. Watu wawili wamezuiwa kwa muda, mmoja kwa kuweka namba ya mtu, mmoja kwa kumwita mtu mwizi baada ya kuonywa. Wameshaambiwa. Mwingine alitukana mara moja, akaonywa, akaacha. Anayeona tumekosea amwandikie admini yeyote kati ya watatu."

Majina hatukuweka. Wote walijua, lakini kujua ni kitu kimoja na kubandikwa ukutani ni kingine.

Dhana: "Hata WhatsApp ipo, bonyeza tu `Mute`."

`Mute` ya WhatsApp inazima mlio kwenye simu yako wewe. Yule mtu anaendelea kuandika na wote wanamsoma. WhatsApp admini anaweza kufuta meseji, kumtoa mtu, au kuweka maadmini pekee ndio waandike, na hilo la mwisho kweli ni kulifunga kundi. Ndiyo maana sisi tulihama.

Saa 12 asubuhi niliondoa mwendo wa pole kama tulivyosema. Meseji ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa hajaandika chochote usiku kucha. Alipiga picha ya karatasi yake ya malipo akauliza makato ya mstari wa tatu ni ya nini.