Geji 16 ni milimita ngapi? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Geji 16 ina unene mmoja tu.

Ina unene zaidi ya mmoja, kulingana na bati lenyewe. Kwa jedwali zinazotumika Marekani, bati la chuma cha kawaida la geji 16 lina milimita 1.52. Lililopakwa zinki lina 1.61, chuma cha pua 1.59, na alumini 1.29 tu.

Chanzo cha tofauti hizi ni uzito. Mwaka 1893 Marekani iliweka kisheria geji ya mabati kwa kuhesabu uzito wa futi moja ya mraba, na geji 16 ikawa pauni 2.5. Hesabu ile ilifanywa kwa chuma cha kufua, ambacho kwa uzito huo kina unene wa 1/16 ya inchi. Viwanda vilipohamia chuma cha kisasa, ambacho ni kizito zaidi, vilishika uzito uleule, na unene ukapungua hadi 1.52. Bati la zinki likaongezewa uzito wa mipako. Alumini haimo kabisa katika hesabu hiyo: inafuata geji ya waya ya Marekani, ambayo kila hatua hupunguza unene kwa uwiano usiobadilika.

Dhana: Gawanya 25.4 kwa namba ya geji, utapata milimita.

Njia hii imedumu kwa sababu kwa geji 16 inatoa 1.59, jibu linaloshawishi. Ni bahati tu. Jaribu geji 20: hesabu inasema 1.27, ilhali chuma cha kawaida kina 0.91. Kwa geji 10 inakosea upande wa pili, 2.54 badala ya 3.42. Geji husomwa kwenye jedwali.

(Na ndiyo, namba ikipanda bati linakuwa jembamba.)

Dhana: Tofauti ya sehemu mbili za kumi za milimita haina madhara.

Chukua mchoro wa mfereji wenye umbo la U, alumini geji 16, upana wa nje milimita 50. Aliyetumia jedwali la chuma atatarajia nafasi ya ndani ya 46.96, halisi ni 47.42. Kipande kitakachoingia humo kitacheza karibu nusu milimita. Ugumu wa bati dhidi ya kupinda hufuata unene ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo alumini ya 1.29 ina takriban asilimia 61 tu ya ugumu ambao ingekuwa nao kwa 1.52.

Basi soma kwanza kisanduku cha malighafi kwenye mchoro, kisha chagua jedwali la malighafi hiyo. Mchoro wa zamani wa Uingereza huenda unafuata SWG, yaani geji ya waya ya Uingereza, ambako 16 ni 1.63. Malighafi isipotajwa, muulize mchoraji akuandikie milimita kabla hujakata. Kama kuna kipande cha mfano, kipime kwa maikromita mbali na ukingo uliokatwa, maana ncha zilizochomoza ukingoni hudanganya kipimo.