Roboti ya mazungumzo ikumbuke nini kukuhusu? Meseji moja ya mkulima wa Mbozi

Tuanze na meseji. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mafunzo tunayotoa kwa watu wanaotengeneza roboti za ushauri, lakini imefuata namna watu wanavyoandika kweli. Mama mmoja wa Mbozi, mkoani Songwe, anaiandikia roboti ya ushauri wa kilimo jioni ya tarehe 27 Desemba 2025:

"Habari za jioni. Mahindi yangu yana wiki tatu sasa, ekari mbili, hapa Mbozi. Nilipandia DAP. Majani yameanza kuwa ya njano na mengine yana matundu. Mume wangu amelazwa toka Jumatatu, hela nyingi imeishia hospitali, naweza kununua mfuko mmoja tu. Nijibu kwa kifupi tafadhali, maandishi mengi yananichosha. Simu hii ni ya mwanangu."

Roboti itamjibu, na mazungumzo yataisha. Akirudi baada ya wiki mbili, roboti inatakiwa iwe inajua nini juu yake? Wanafunzi wetu wengi hujibu haraka: kila kitu, maana yote aliyoyasema ni kweli. Hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Kwanza tuelewane kumbukumbu hii ni kitu gani. Modeli ya akili mnemba iliyo ndani ya roboti haijifunzi chochote papo hapo kutokana na maongezi yako. Mazungumzo yakifungwa, yenyewe haibaki na kitu. Kinachoitwa kumbukumbu ni programu nyingine pembeni, inayosoma mazungumzo, inaandika vijikaratasi vifupi na kuviweka kwenye kanzidata chini ya namba yako ya simu. Ukirudi, programu hiyo huchagua vijikaratasi vinavyoelekea kuhusiana na swali lako na kuviweka mbele ya modeli, kabla ya swali lenyewe. Modeli huvisoma kama ambavyo ingesoma maneno yako ya leo, na huviamini. Kwa hiyo kila kijikaratasi kinavuta jibu upande wake, kiwe sahihi au kiwe kimepitwa na wakati.

Sasa turudi kwenye meseji, sentensi kwa sentensi.

"Mahindi yangu yana wiki tatu sasa." Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kuandika sentensi hii kama ilivyo. Mama akirudi tarehe 10 Januari, mahindi yatakuwa na wiki 5, lakini kijikaratasi kitaendelea kusema wiki 3, na ushauri wa mbolea ya kukuzia utatolewa kwa mahindi ambayo hayapo tena shambani. Neno "sasa" linaoza siku hiyohiyo. Programu inatakiwa ipige hesabu pale pale: tarehe 27 Desemba, toa siku 21, amepanda tarehe 6 Desemba. Kinachohifadhiwa ni tarehe ya kupanda, na umri wa mahindi unahesabiwa upya kila anaporudi. Ni hivyo hivyo kwa "mwanangu ana miaka sita", "juzi nimehama" na "mwezi ujao naoa".

Kijikaratasi kizuri kwa sentensi hiyo, pamoja na ekari na mahali, kinaonekana hivi:

```json
{
  "habari": "Amepanda mahindi, ekari 2, Mbozi",
  "tarehe_ya_tukio": "2025-12-06",
  "chanzo": "amesema mwenyewe",
  "imeandikwa": "2025-12-27",
  "ukomo": "2026-07-31"
}
```

Angalia mstari wa mwisho. Mahindi ya Mbozi kufikia mwisho wa Julai yatakuwa yamevunwa, na kijikaratasi kinajifuta. Bila ukomo, mama huyu akiuliza habari za alizeti msimu unaofuata, roboti itamchanganyia na mahindi ambayo alishayasaga. Tarehe ya kupanda ni ya makadirio pia, kwa sababu "wiki tatu" ya mtu inaweza kuwa siku 19 au 24, kwa hiyo ushauri usiitumie kama tarehe ya cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu mahali, wilaya inatosha. Kalenda ya mvua ya Mbozi ndiyo inayobadilisha ushauri. Jina la kitongoji na ramani ya shamba lake havibadilishi kitu hapa, na kwa hiyo havina sababu ya kukaa kwenye kanzidata. Mbolea ya DAP nayo ibaki hadi mavuno, kwa kuwa roboti ikijua fosfeti ilishawekwa wakati wa kupanda, haitamtuma akanunue tena.

Majani ya njano na matundu yanahitaji uangalifu zaidi. Roboti huenda ikahisi kwamba matundu yanatokana na viwavijeshi vamizi, na katika mazungumzo ya leo ni sawa kumwambia mama akague ndani ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea. Lakini programu ya kumbukumbu ikiandika "shamba lake lina viwavijeshi vamizi", dhana ya roboti imegeuka kuwa habari ya mkulima. Wiki mbili baadaye itasomwa kama jambo alilolisema mwenyewe, na atashauriwa dawa ya viwavijeshi huku shambani kuna funza wa mabua. Ndiyo maana kwenye kijikaratasi kuna sehemu ya "chanzo". Aliloliona yeye liandikwe kama dalili: majani ya njano, matundu, tarehe 27 Desemba. Na liwe na maisha mafupi, tuseme siku 14, zitoshe kumuuliza anaporudi kama hali imebadilika.

Halafu tunafika kwa mume aliyelazwa.

Hapa nataka niwe wazi kabisa. Katika mazungumzo ya jioni ile, roboti lazima iyasikie maneno haya, impe pole na ipunguze ushauri ulingane na mfuko mmoja. Kuyasikia leo na kuyaweka akiba ni mambo mawili tofauti. Afya ni taarifa nyeti kwa sheria za Tanzania na Kenya pia, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hata mambo ya familia, yakiwemo majina ya watoto na mwenzi, kuwa nyeti. Tena anayeumwa siye anayeandika. Mume hajawahi kuzungumza na roboti hii wala hajakubali lolote. Na ukiacha sheria pembeni, jiulize tu roboti itaifanyia nini habari hii mwezi Machi. Huenda amepona. Huenda amefariki, na mjane anauliza bei ya mahindi huku mashine ikimtaja marehemu. Isihifadhiwe.

Hela je? "Naweza kununua mfuko mmoja tu" ina faida msimu huu, hivyo iandikwe kama alivyosema, bila kutaja hospitali, na ife pamoja na msimu. Kile kisichoruhusiwa ni programu kufupisha kwa kuandika "hana uwezo kifedha". Maneno hayo hakuyasema. Yakishaandikwa, kila mwaka atapendekezewa mbegu za bei ya chini, na hatajua kamwe kwamba kulikuwa na nyingine.

"Nijibu kwa kifupi" ni habari rahisi kuliko zote. Ni matakwa yake, inagusa kila jibu, na inaweza kukaa muda mrefu mpaka atakapoibadilisha. Sababu ya matakwa hayo haihitajiki. Pasiandikwe kwamba hasomi vizuri au macho yake hayaoni.

Sentensi ya mwisho ya meseji ndiyo ambayo programu nyingi huiruka, kwa sababu inaonekana kama maneno ya kuagia: "Simu hii ni ya mwanangu." Hiyo ndiyo ningeihifadhi ya kwanza. Kumbukumbu yote imefungwa kwenye namba ya simu, na namba si mtu. Kesho yake kijana atauliza mambo yake kwa namba ileile, na roboti itamwekea mbele habari za mama yake. Kwa mahindi si neno. Kwa roboti ya ushauri wa uzazi au ya dawa za muda mrefu, hiyo ni siri ya mtu iliyotolewa sebuleni. Namba ikishawekewa alama kwamba inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, roboti isianzishe yenyewe habari za zamani. Isubiri mtu aulize jambo linalohusiana, na ithibitishe kwanza kama ni shamba lilelile. Kuna namba nyingine hubadilisha mmiliki kabisa, kwani laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kampuni ya simu, kisha namba inauzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo namba ikinyamaza miezi kadhaa, kumbukumbu zake zifutwe, zisisubiri mgeni.

Tarehe 10 Januari mama anarudi: "Nimekodi ekari moja nyingine." Programu inatafuta vijikaratasi vinavyofanana kimaana na maneno hayo, inakuta "ekari 2", na sasa lazima ichague: iongeze kijikaratasi kipya, ibadilishe cha zamani, ifute, au iache. Ikiongeza bila kuangalia, itabaki na viwili ambavyo siku moja vitasomwa "ekari 1" na siku nyingine "ekari 2". Ikibadilisha kuwa ekari 3, itakokotoa mbolea ya kukuzia kwa ekari ambayo pengine haijapandwa hata punje. Jibu hapa ni kumuuliza amepanda nini huko na lini, kisha kuliandika kama shamba la pili lenye tarehe yake. Swali moja fupi ni nafuu kuliko kukisia.

Mtu anajuaje kama kumbukumbu ya roboti yake inafanya kazi? Sisi hutumia jaribio moja. Chukua maswali halisi, yaliyoondolewa majina, yaendeshe mara mbili: mara moja vijikaratasi vikiwepo, mara nyingine vikiwa vimeondolewa. Kisha mtu wa kilimo asome majibu mawili bila kujua lipi ni lipi. Kijikaratasi ambacho hakikubadilisha jibu lolote ni mzigo tu, na kilicholiharibu jibu huwa ni kimoja kati ya vile tulivyovipitia: kina "sasa" ndani yake, au ni dhana iliyovaa nguo za habari, au ni cha mtu mwingine. Dalili nyingine huonekana bila jaribio lolote. Mama akiuliza bei ya sare za shule na jibu likarudi kwenye mahindi, vijikaratasi vinaletwa hovyo.

Mtumiaji naye ana haki ya kuona kilichoandikwa, kukisahihisha na kukifuta, na hapa kuna mtego wa kiufundi. Kijikaratasi kinaweza kufutwa leo na kuzaliwa tena kesho, kwa sababu mazungumzo yaliyokizaa bado yapo na programu huyapitia upya inapotengeneza muhtasari. Ndiyo maana kila kijikaratasi kinatakiwa kibebe namba ya mazungumzo kilikotoka, na ufutaji uache alama inayoizuia programu isikiandike tena kutoka hapo. Nakala za akiba nazo ziwe na siku maalumu ya kufutwa, na mama aambiwe siku hiyo ni lini. Ukimwambia "imefutwa" wakati nakala itakaa siku 30 zaidi, umemdanganya.

Katika meseji yake yote, vimebaki vijikaratasi sita: mahindi na tarehe yake, DAP, mfuko mmoja, dalili za siku 14, majibu mafupi, na alama ya simu ya familia. Kufikia Agosti vitabaki viwili vya mwisho tu.