OKR: 0.88 iliyogeuka kuwa 0.38

Kazi yangu ni kukaa na timu za watu nikiwasaidia kuandika OKR, halafu robo ya mwaka ikiisha narudi tunapeana alama, kuanzia 0 hadi 1. Kwa mwenye hajazoea hilo neno, O ni lengo, ni sentensi tu ya kusema tunataka kufika wapi, na KR ni matokeo muhimu, yaani namba zitakazotuonyesha kama tumefika. Ilianzia Intel kwa Andy Grove, John Doerr akaipeleka Google mwaka 1999, ikasambaa hadi ikafika huku kwetu Barabara ya Mombasa kwa kampuni moja ya kupeleka mizigo, sitaitaja jina.

Lengo lao la Aprili hadi Juni lilikuwa zuri: kastoma wa Nairobi apate mzigo wake akiwa bado anauhitaji. Chini yake KR tatu. Oda zinazofika ndani ya saa 24 zitoke asilimia 62 hadi 80. Oda zinazorudi stoo kwa sababu raida alifika asimpate mwenyewe zishuke kutoka asilimia 10 hadi 4. Na ya tatu, kuzindua apu ya maraida.

Julai naingia kwa mitingi nakuta spredishiti imeshajazwa, iko kwa skrini, watu wana chai na mandazi, wastani ni 0.88. Mkuu wa operesheni ananiambia, "Mwalimu, safari hii hutatusumbua." Nikamwambia madam, tuanze tu na ya kwanza.

Ya kwanza walimaliza robo wakiwa asilimia 71. Taget ni 80, kwa hivyo wakachukua 71 wakagawa kwa 80, wakapata 0.89. Hii hesabu nakutana nayo karibu kila ofisi na inaonekana haina shida, mpaka uulize swali moja: kama mngelala robo nzima msifanye chochote, mngepata ngapi? 62 kwa 80 ni 0.78. Yaani alama karibu nane kwa kumi ya kuamka tu asubuhi na kuja kazini! Kile kinachopimwa ni umbali uliotembea, si mahali ulipo. Walikuwa wametaka kupanda pointi 18, wamepanda 9, hiyo ni 0.5. Kwa spredishiti, B ikiwa ni namba ya kuanzia, C ni taget na D ndio mlipofika:

```
=MAX(0,MIN(1,(D2-B2)/(C2-B2)))
```

Uzuri wa hii fomula ni kwamba hata kwa namba unayotaka ishuke inafanya kazi vilevile, huna haja ya kugeuza kitu, na ukirudi nyuma ya ulipoanzia inakupa sifuri. Lakini angalia, bila B hakuna hesabu, ndio maana mtu akiniandikia KR inasema tu "tufike asilimia 80" namrudishia.

Hapo kijana wa dispachi akasema, lakini mkuu, mvua. Ni kweli, ile 62 ilipimwa Januari hadi Machi na sana sana ni kukavu, halafu Aprili na Mei mvua ya masika ikashuka, raida wa Utawala au Rongai anakaa chini ya daraja saa nzima akingoja ipungue. Simbishii. Nilichomwambia ni kwamba mvua iandikwe kwa safu ya maelezo kando ya alama, isiguse alama yenyewe, maanake ukianza kuongeza 0.1 ya mvua robo ijayo utaongeza ya mafuta kupanda na ile nyingine ya maandamano, na mwisho hiyo namba haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Ya pili ndiyo iliyonikalisha hapo mpaka jioni. Dashibodi inasema oda zilizorudi stoo ni asilimia 5.5, kutoka 10. Ukiweka kwa fomula ni 0.75, hesabu iko sawa kabisa. Kilichonishtua ni kwamba ilishuka ghafla wiki moja katikati ya Aprili, na tabia za watu hazibadilikagi hivyo, kitu kikishuka kama ngazi mara nyingi ni namna ya kuhesabu imebadilika. Nikauliza, hiyo wiki kulitokea nini kwa sistimu? Kimya kidogo. Halafu kijana wa dispachi akasema polepole, si ndio waliongeza kile kitufe cha "Imepangwa upya".

Kumbe kabla ya hapo raida akifika Githurai apige simu isishikwe, alikuwa na chaguo mbili tu, imefika au imerudi. Sasa ana ya tatu. Mzigo ni ule ule, unarudi stoo kwa boda ile ile, mafuta yameisha yale yale, lakini kwa ripoti haujarudi. Na hakuna aliyepanga kudanganya hapo, kitufe kiliwekwa kwa nia safi ili kastoma apewe siku nyingine.

Tukazihesabu. Robo nzima walikuwa na oda 12,000. Zilizorudi kwa dashibodi 660. Za "Imepangwa upya" ambazo raida alifika mlangoni akakosa mtu, 360. Jumla 1,020, asilimia 8.5. Na kwa vile ile 10 ya mwanzo ilihesabiwa wakati hicho kitufe hakipo, ilikuwa na zote ndani, kwa hivyo hii 8.5 ndio ndugu yake. Alama inakuwa 0.25.

Ya tatu sikuipa alama kabisa. Kuzindua apu ni kazi, si matokeo, ukimaliza unapata 1.0 hata kama hakuna mtu ameifungua, na hiyo 1.0 ndio ilikuwa inavuta wastani wote juu. Nilipouliza, kati ya maraida 40, waliokuwa wanafunga oda kwa apu kila siku ni 11, wengine bado wanatuma picha kwa grupu ya wasapu. Sikutaka kuiundia taget Julai kwa kitu cha Aprili, hiyo nayo ni ujanja.

Zikabaki mbili, 0.5 na 0.25, wastani 0.38. Madam akanyamaza, akauliza, "Si walisema 0.7 ni poa?" Ni kweli Google husema 0.6 hadi 0.7 ni sawa, lakini hiyo ni kwa lengo la kujinyoosha, lile ambalo mnajua kuna uwezekano hamtalifikia. Lile mliloahidi linatakiwa lifike 1.0. Na lazima useme ni lipi siku ya kuandika, huwezi kusubiri alama ndio uamue lilikuwa la kujinyoosha. Zao hazikuwa zimeandikwa ni za aina gani.

Tulifuta ubao tukaandika ya Julai hadi Septemba, na ile ya pili ilikula karibu saa nzima peke yake: oda ambazo raida alifika mara ya kwanza asimpate mpokeaji, ziwe zimerudi au zimepangwa upya, zishuke kutoka asilimia 8.5 hadi 6, ni ahadi, namba inatoka kwa ripoti ya sistimu ya oda, anayeivuta kila Ijumaa ni mtu wa fedha na si mtu wa dispachi, na kitufe kipya kikiongezwa katikati ya robo kinaandikwa hapo chini pamoja na tarehe. Kijana wa dispachi akauliza kama mvua ya Oktoba itahesabiwa. Nikamwambia hiyo ni robo ingine.