Tundu la kifungo kwenye koti: la midomo ya kitambaa au la mashine?

Mwezi wa Juni, baridi ya Nairobi inapoanza kukolea, mama mmoja, mteja wangu, aliniletea mita 3 za sufu ya kijivu iliyofumwa kwa nyuzi nene zilizoachana, akaniomba nimshonee koti la kufika magotini lenye vifungo 4 vikubwa. Kabla hajaondoka aliniuliza, "Fundi, matundu utayapeleka mjini yakapigwe na mashine, au utayashona yale ya kitambaa?" Nilimwomba aniachie siku 2 nikijaribu kwanza kitambaa chenyewe.

Tundu la kitambaa ninalolizungumzia hapa lina midomo miwili myembamba inayokutana katikati, mfano wa mfuko wa nyuma wa suruali ya suti, ila ni dogo zaidi. Tundu la mashine, kwa upande wake, ni mkato uliozungushiwa zigizagi ya karibukaribu, na kwenye makoti huwa na jicho la duara upande wa mbele ili shingo ya kifungo ipate pa kukaa. Tofauti inayomsumbua fundi zaidi ni ya wakati. Tundu la midomo hushonwa mapema, sehemu ya mbele ya koti ikiwa bado imelala mezani bila bitana, ilhali la mashine hupigwa mwisho, koti likiwa limekamilika, na hupitia matabaka yote kwa pamoja. Kwa hiyo uamuzi hauwezi kuahirishwa hadi koti liishe.

Watu wengi huamini kwamba kitambaa kizito ni cha midomo na chepesi ni cha mashine. Mimi sikubaliani nao. Ninachokitazama kwanza ni jinsi nyuzi zinavyoshikana, kisha unene wa kitambaa kikishakunjwa. Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote: ninakata kipande cha sentimita 5, ninausugua ukingo wake kwa kidole gumba mara kama 10, kisha ninatazama ni nyuzi ngapi zimetoka. Kwa kitambaa cha mama yule zilitoka 4, dalili kwamba kinafumuka kwa urahisi. Hata hivyo nilipiga tundu la majaribio kwa mashine, juu ya kipande chenye matabaka yaleyale ya koti, yaani kitambaa, kitambaa cha gundi, na kipande cha ndani cha mbele. Zigizagi ilizama kati ya nyuzi nene hata isionekane upande mmoja, na nilipolikata tundu na kulivuta kwa kifungo, upande mzima wa zigizagi uliachia pamoja na nyuzi zilizoushika. Kifungo kikubwa kinachovutwa kila siku kingelifumua tundu hilo kabla ya Agosti.

Basi ilibidi liwe la midomo, lakini hapo ndipo kipimo cha pili kilipoingia. Nilitaka kila mdomo uwe na upana wa milimita 3. Kitambaa chake kilikuwa na unene wa karibu milimita 2, na kikikunjwa kinakuwa milimita 4, maana yake unene ungeupita upana. Mdomo wa namna hiyo haulali. Huvimba kama kamba, na ukiulazimisha kwa pasi unabaki na mng'aro usiotoka. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye makoti ya sufu nzito yaliyoshonwa kwa bidii kubwa. Dawa yake ni kutafuta kitambaa kingine cha midomo. Nilikwenda Mtaa wa Biashara nikapata sufu nyembamba ya suti yenye kijivu kilichokoza kidogo, iliyofumwa kwa kubana, na robo mita ilitosha na kubaki.

Kifungo kilikuwa na kipenyo cha milimita 26 na unene wa 4, nikavijumlisha, tundu likawa la milimita 30. Tundu la kulala halianzii kwenye mstari wa katikati ya koti. Huanza milimita 3 nje yake, kuelekea ukingoni, kwa sababu kifungo huvuta hadi mwisho wa tundu na shingo yake ndiyo hukaa kwenye mstari. Kwa sababu nyuzi zilikuwa legevu, nilibandika kwa pasi kitambaa chepesi cha gundi nyuma ya kila tundu, kikilizidi sentimita 2 kila upande.

Kwa kila tundu nilikata vipande viwili vya kufuata uzi wa urefu, kila kimoja sentimita 5 kwa 2.5, nikavikunja na kuvishona milimita 3 kutoka kwenye mkunjo, kisha nikapunguza upande uliokatwa ubaki milimita 3 vilevile. Vipande hivyo hulazwa juu ya uso wa koti, kingo zilizokatwa zikikutana kwenye mstari wa tundu na mikunjo ikitazama nje. Hushonwa juu ya ule mshono wa awali kwa hatua fupi ya milimita 1.5, kuanzia na kuishia palepale kwenye alama. Kabla ya kushika mkasi ninaligeuza koti na kuitazama mishono kwa nyuma: ni lazima iwe mistari miwili sambamba, iliyoachana milimita 6, yenye urefu sawa kabisa. Mmoja ukizidi hata kwa hatua moja, tundu litapinda, na baada ya kukata hakuna marekebisho.

Mkato hupita katikati, kupitia kitambaa cha koti na kile cha gundi nyuma yake bila kugusa midomo, husimama milimita 8 kabla ya kila mwisho, kisha hugawanyika kuelekea kwenye pembe hadi kwenye hatua ya mwisho ya mshono. Ukisimama mapema, pembe itafanya kikunjo usoni. Ukipita, pembe itatoboka. Midomo husukumwa ndani kupitia mkato, ikakutana katikati, ikapigwa bandi ili isiachane, na pembetatu ndogo zilizobaki mwishoni zikashonwa juu ya ncha za midomo mara 2 au 3. Hatua hiyo ya pembetatu ndiyo inayolibeba tundu lote.

Gabadini ya koti la mvua ni habari nyingine. Miaka yangu ya mwanzo nililishonea koti la gabadini nyembamba matundu ya midomo, na baada ya pasi ya kwanza alama za vipande vya ndani zilijichora usoni zote. Gabadini imebana, haifumuki, na tundu la mashine lenye uzi mnene ndani ya zigizagi hukaa juu yake miaka mingi. Koti litakalofuliwa nyumbani pia ninalipeleka mashine, kwa kuwa midomo hujikunja majini. Mahameli, kinyume chake, mguu wa cherehani huilaza manyoya yake, nayo ngozi hutobolewa na zigizagi hadi ikachanika kama stempu. Hizo ni za midomo.

Kwa koti la mama yule lilibaki jambo moja. Baada ya kushona kipande cha ndani cha mbele, tundu limefunikwa kwa nyuma. Nilichomeka pini 4 kwenye pembe, nikachora dirisha la milimita 6 kwa 30 kwenye kipande hicho, nikalizungushia kitambaa chembamba cha bitana, nikalikata na kuligeuza, kisha nikalishona kwa mkono kwenye midomo, kwa uzi mmoja na hatua ndogo zisizotokea usoni. Matundu 4 yalinichukua siku nzima, na bandi ya midomo niliitoa koti likiwa tayari limepigwa pasi ya mwisho, uso ukiwa umelala juu ya taulo.